Vikumbusho vya kujirudia kwa abonema na fakture: namna ya kuviweka kwenye simu visikosee tarehe

Maswali yanayonifikia kuhusu jambo hili ni yale yale. Mmoja anauliza: "Nimeweka kikumbusho cha kila mwezi, mbona intaneti imekatika siku mbili kabla hakijalia?" Mwingine anasema kwamba simu ilimkumbusha mshahara wa zamu mwezi wa kwanza, ikanyamaza mwezi wa pili, kisha ikaanza tena mwezi wa tatu. Wa tatu amefuta programu kwenye simu, lakini kadi yake ya benki bado inakatwa dola kila mwezi. Katika visa viwili vya kwanza simu ilitii kilichoandikwa ndani yake, na kosa lilikuwa katika kanuni ya kurudia iliyochaguliwa, ambayo haikulingana na aina ya deni.

Mwongozo huu unatumia Google Agenda, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwenye simu nyingi za Android hapa Lubumbashi. Mwenye iPhone atatumia Calendrier kwa mpangilio unaokaribiana sana. Mwenye simu ndogo ya vitufe asome hatua ya kwanza na ya pili, kisha aandike tarehe zake kwenye kalenda ya karatasi, kwa sababu kalenda za simu hizo kwa kawaida hazina kanuni zote tutakazozihitaji.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tenga saa moja ya utulivu, na uwe na vitu hivi mbele yako: fakture za mwisho za maji na za umeme, mkataba wa nyumba au risiti ya kodi, jumbe za simu zinazothibitisha ununuzi wa forfe ya intaneti na abonema ya dekoda, na karatasi ya bima kama una gari. Ikiwa una kadi ya kulipia mtandaoni, pata pia orodha ya malipo yake ya miezi 3 iliyopita, kwa kuwa humo ndimo utakapokuta abonema ulizokwisha kuzisahau. Simu iwe imeingia katika akaunti yako ya Google, na uwe unakumbuka nywila yake.

Hatua ya 1: Andika kila deni na tarehe yake halisi ya mwisho

Chukua karatasi na uandike jina la deni, kiasi, sarafu, na siku ambayo huduma inakatika au malipo yanahesabiwa kuwa yamechelewa. Siku hiyo isome kwenye fakture au kwenye ujumbe wa uthibitisho, wala usiikadirie kwa kichwa. Mtu akisema "mimi hulipa dekoda katikati ya mwezi", bado hajataja tarehe, na simu haiwezi kufanya kazi na katikati ya mwezi.

Sarafu ina umuhimu wake hapa kwetu. Ikiwa akiba yako iko katika dola na fakture inalipwa kwa faranga, kuna safari ya kubadilisha fedha kabla ya kulipa, na safari hiyo inakula muda. Weka alama kando ya madeni ya namna hiyo, tutayarudia.

Hatua ya 2: Gawanya madeni hayo kwa aina ya tarehe

Hatua hii ndiyo inayoamua kama kikumbusho kitakufaa, nami nitakaa hapa kidogo.

Aina ya kwanza ni deni lenye siku isiyohama, kama kodi ya nyumba inayolipwa tarehe 5 ya kila mwezi. Mwezi uwe na siku 28 au 31, tarehe ni ile ile.

Aina ya pili ni deni linalohesabiwa kwa siku. Forfe ya intaneti ya siku 30 ndiyo mfano wake mkubwa. Watu huiita ya mwezi, lakini siku 30 si mwezi. Tuchukue saluni moja ya Kamalondo inayonunua forfe ya siku 30 tarehe 3 Januari 2026 na kuifanya upya kila inapoisha, bila kuchelewa hata siku moja. Forfe ya kwanza inaisha tarehe 2 Februari. Inayofuata inaisha tarehe 4 Machi, halafu 3 Aprili, 3 Mei, 2 Juni, 2 Julai, 1 Agosti, na tena 31 Agosti. Mwenye saluni aliyejiwekea kikumbusho cha "kila tarehe 3" atakuwa sawa mwezi wa nne na wa tano, na hiyo itamfanya akiamini. Mwezi wa nane kitalia siku mbili baada ya intaneti kukatika, wateja wakiwa wamekaa kwenye viti. Tena mwezi huo huo wa nane atalipa mara mbili, tarehe 1 na tarehe 31, na akiendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka atakuwa amelipa mara 13. Ukipanga bajeti ya malipo 12, la 13 litakukuta mikono mitupu.

Aina ya tatu ni deni la mwisho wa mwezi, kama mshahara wa zamu wa usiku. Hapa mtego uko katika tarehe 31. Ukiiambia kalenda irudie tukio kila tarehe 31, itaruka kila mwezi usio na siku hiyo, yaani miezi 5 kwa mwaka: wa pili, wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na moja. Haitasogeza tukio hadi tarehe 30, wala haitakuonya kwamba imeruka. Tarehe 29 na 30 nazo zina shida hiyo katika mwezi wa pili.

Aina ya nne ni deni la mwaka, kama bima ya gari. Halina utata wa hesabu. Shida yake ni kwamba lina muda mrefu wa kusahaulika.

Mita ya umeme ya kulipia kabla haimo katika aina hizi, kwa kuwa haina tarehe, ina kiasi tu. Iwekee kikumbusho cha kila Jumapili cha kusoma mita. Ikiwa imebaki na uniti 42 na nyumba inatumia uniti 6 kwa siku, una siku 7, basi nunua kabla ya Jumapili inayofuata.

Hatua ya 3: Tengeneza kalenda ndani ya akaunti

Fungua Google Agenda, anza tukio jipya, na kabla ya kuandika lolote tazama ni wapi tukio linahifadhiwa. Lionyeshe anwani yako ya barua pepe. Likihifadhiwa kwenye simu peke yake, siku simu itakapoibiwa au kuanguka majini tarehe zako zote zitakwenda nayo. Likiwa ndani ya akaunti, utaingia kwa simu nyingine na kuzikuta.

Hatua ya 4: Andika kichwa kinachojitosheleza

"Maji" hakitoshi. Saa 18:30, ukiwa umechoka na watoto wanakuita, unahitaji kichwa kinachokuonyesha la kufanya bila kutafuta karatasi: "LIPA MAJI, faranga, kabla ya tarehe 20". Katika sehemu ya maelezo weka nambari ya mteja na njia ya kulipa, iwe ni pesa ya simu au dirisha la ofisi.

Onyo: usiandike kamwe nambari ya siri ya pesa ya simu au ya kadi, si katika kichwa wala katika maelezo. Kikumbusho huonekana hata kwenye kioo cha simu iliyofungwa, na yeyote aliye karibu atakisoma.

Hatua ya 5: Weka saa, usiache "Toute la journée"

Ukiliacha tukio liwe la siku nzima, kikumbusho chake kitatoka kwa saa ambayo programu imejiwekea. Zima "Toute la journée" na uchague saa ambayo kwa kawaida uko huru na una njia ya kulipa. Kwa anayefanya malipo kwa simu, 18:30 inafaa. Kwa deni linalolipwa dirishani, chagua asubuhi ya siku ya kazi. Nimeandika saa jinsi simu inavyozionyesha, kwa sababu wengine kati yetu huhesabu saa kwa Kiswahili na wengine kwa Kifaransa, na "saa moja jioni" ya mmoja si ya mwingine.

Hatua ya 6: Chagua kanuni ya kurudia kulingana na aina

Kwa siku isiyohama, chagua kila mwezi. Kwa mwaka, chagua kila mwaka. Hizi mbili hazina maneno zaidi.

Kwa deni la siku 30, usichague kila mwezi. Ingia katika chaguo la kujipangia mwenyewe, andika 30, kisha chagua siku, ili kalenda irudie kila siku 30 kuanzia siku ambayo forfe ya sasa inaisha. Angalia vizuri: unaanza kuhesabu kutoka siku ya kuisha, wala si siku uliyonunua.

Kwa deni la mwisho wa mwezi, kuna njia moja rahisi ambayo mimi huipenda kuliko zote. Weka tukio tarehe 1 saa 18:30, lirudie kila mwezi, kisha uweke kikumbusho cha siku 1 kabla. Tarehe 1 ipo katika kila mwezi, na siku moja kabla yake daima ni siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, iwe 28, 29, 30 au 31. Katika kichwa andika "Mwisho wa mwezi: zamu", usije ukadhani ni deni la tarehe 1. Kikumbusho hicho ni cha siku yenyewe ya kulipa, basi vile vya kutangulia vya hatua ya 7 viongeze juu yake.

Hatua ya 7: Weka vikumbusho viwili kwa kila deni

Bonyeza "Ajouter une notification" mara mbili. Cha kwanza ni cha kuandaa fedha, na cha pili ni cha kulipa. Kwa madeni mengi ya mwezi napendekeza siku 6 kabla na siku 2 kabla. Siku 6 zinakupa nafasi ya kubadilisha dola na kupita kwa wakala wa pesa ya simu. Siku 2 zinakuachia kesho yake ikiwa mtandao umegoma au umeme umekatika na betri imekwisha. Kikumbusho kinacholia siku yenyewe ya mwisho ndicho ninachokiona kwa wanaoanza wote, na ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa hakikuachii nafasi ya tatizo lolote.

Ikiwa unalipia dirishani, tazama tarehe ya mwisho inaangukia siku gani. Tarehe 30 Juni, kwa mfano, ni sikukuu ya uhuru, na fakture inayoisha siku hiyo kwa kweli inaisha tarehe 29 au kabla. Kwa madeni ya dirishani ongeza siku moja, iwe siku 3 kabla.

Kwa deni la mwaka kuna mpaka unaopaswa kuujua: Google Agenda haikubali kikumbusho kinachotangulia tukio kwa zaidi ya wiki 4. Bima ikiisha tarehe 14 Septemba, nawe unataka wiki 6 za kutafuta fedha, wiki 4 hazitoshi. Tengeneza tukio la pili la kila mwaka, tarehe 1 Agosti, lenye kichwa "Bima ya gari inaisha 14/9, anza kuweka fedha".

Hatua ya 8: Shughulikia peke yake abonema zinazojilipa

Kwa fakture ya maji, usipofanya kitu hulipi. Kwa abonema iliyofungwa kwenye kadi, usipofanya kitu unalipa. Kwa hiyo kikumbusho chake kina kazi tofauti, nayo ni kukuuliza kama bado unaitaka huduma hiyo. Kiweke siku 5 kabla ya kukatwa, na katika kichwa andika "AMUA: endelea au sitisha", pamoja na kiasi.

Majaribio ya bure yanahitaji uangalifu zaidi. Ukichukua jaribio la siku 7 tarehe 10, weka kikumbusho tarehe 14, si tarehe 17. Kwa abonema zinazopitia Apple, inatakiwa usitishe angalau saa 24 kabla ya jaribio kuisha, na siku ya mwisho utakuwa umechelewa. Ukiamua kusitisha, ingia katika orodha ya abonema ndani ya Google Play au katika mipangilio ya iPhone na usitishe humo. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi abonema. Huyo ndiye yule msomaji wa tatu niliyemtaja mwanzo, ambaye alilipia kwa miezi 4 programu ambayo haikuwa tena kwenye simu yake.

Hatua ya 9: Funga kila kikumbusho baada ya kulipa

Usikiondoe kikumbusho kwenye kioo kabla ujumbe wa uthibitisho haujafika. Watu wengi hukisukuma pembeni wakisema "nitalipa jioni", na jioni hakuna kitu kinachowakumbusha tena.

Ukishalipa, fungua tukio na uongeze mbele ya kichwa neno "IMELIPWA" na tarehe, na katika maelezo unakili nambari ya muamala. Simu itakuuliza kama badiliko ni la tukio hili tu, la hili na yanayofuata, au la matukio yote. Chagua tukio hili tu. Ukichagua yote, mwaka mzima utaonekana umelipwa, nawe utakaa umetulia hadi siku ya kukatwa.

Kwa forfe ya siku 30 kuna kazi moja zaidi. Mwenye saluni wetu akikosa fedha tarehe 2 Juni na kununua tarehe 5, siku 30 zake zinaanza upya tarehe 5 na kuisha tarehe 5 Julai, lakini kalenda bado inasema 2 Julai. Afungue tukio la Julai, alisogeze hadi tarehe 5, na safari hii achague hili na yanayofuata. Asipofanya hivyo, kila akichelewa pengo litaongezeka, na baada ya muda kikumbusho kitakuwa kikilia wakati forfe ina siku nyingi bado. Mtu akishaona kikumbusho kinadanganya mara mbili, huacha kukisikiliza.

Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kuamini

Tengeneza tukio la dakika 10 zijazo, lenye kikumbusho cha dakika 5 kabla. Funga programu, zima intaneti, weka simu mezani na usubiri. Kikilia, kazi imekwisha, na umejua pia kwamba tukio lililokwisha kuingia kwenye simu halihitaji mtandao ili likukumbushe. Kisipolia, soma chini.

Mambo yakienda vibaya

*Kikumbusho hakilii kabisa, au kinalia tu unapofungua programu.* Kwenye simu nyingi, Tecno na Itel zikiwemo, mfumo wa kuokoa betri huizuia programu kufanya kazi ukiwa hauiangalii. Ingia katika mipangilio ya betri, tafuta Google Agenda, na uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi. Kisha hakikisha kwamba taarifa zake zimeruhusiwa na zina sauti.

*Kikumbusho kinalia saa moja baada ya wakati.* Tazama eneo la saa la tukio, yaani "Fuseau horaire". Nchi yetu ina maeneo mawili ya saa, na Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Tukio lililoandikwa 18:30 ya Kinshasa litalia hapa 19:30. Hutokea sana kwa waliotengeneza kalenda wakiwa safarini, au walionunua simu iliyopangwa huko. Badili eneo liwe la Lubumbashi, na uiache simu ichukue saa ya mtandao yenyewe.

*Kila deni linalia mara mbili kwa wakati mmoja.* Kuna akaunti mbili kwenye simu, au tukio limehifadhiwa kwenye simu na pia kwenye akaunti. Futa lile la kwenye simu, kisha bakiza la kwenye akaunti.

*Mwezi mmoja umekosekana.* Rudi kwenye hatua ya 2 uangalie kama uliweka tarehe 29, 30 au 31.

*Nimehama nyumba na bado nakumbushwa kodi ya zamani.* Usifute matukio yote, kwa kuwa utapoteza nambari za miamala ulizozihifadhi, nazo ndizo ushahidi wako mwenye nyumba wa zamani akidai mwezi ambao uliulipa. Fungua tukio la mwezi ujao, lifute, na ukiulizwa chagua hili na yanayofuata. Yaliyopita yatabaki mahali pake.